Sumukuvu: Jinsi mahindi na karanga zenye unyevu zinavyoleta saratani ya ini

Mwaka 2016, vituo vya afya katika mikoa ya Dodoma na Manyara vilianza kupokea wagonjwa wa aina moja: macho ya njano, kutapika, maumivu ya tumbo, wengine tumbo limejaa maji. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68. Kati yao 20 walifariki dunia.

Mwanzoni ulionekana kama ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipoingia majumbani ukaishia jikoni, kwenye mahindi. Katika kaya za wagonjwa, mahindi yalikutwa na sumukuvu aina ya aflatoksini hadi mikrogramu 51,100 kwa kila kilo moja. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10.

Kulikuwa na takwimu nyingine ambayo haikuzungumzwa sana. Watafiti walipima pia mahindi ya majirani ambao hawakuugua, ili wapate cha kulinganisha. Huko nako walikuta sumu, kwenye baadhi ya kaya ikifika mikrogramu 285 kwa kilo, yaani zaidi ya mara 28 ya kiwango. Watu hao walikuwa wakila ugali wao, wakienda shambani na kurudi bila kuhisi chochote.

Saratani ya ini inahusu zaidi kundi hili la pili. Sumu ikiwa nyingi sana huua kwa wiki chache, na habari hufika redioni. Ikiwa kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka 20 au 30, hufanya kazi yake taratibu, na siku mgonjwa anapofika hospitali hakuna anayekumbuka gunia la mahindi.

Kuvu gani, na inatoka wapi?

Kuvu wanaohusika zaidi wanaitwa aspagilasi flavasi. Jina la sumu limetokana nao: "a" ya aspagilasi, "fla" ya flavasi, na "toksini", yaani sumu. Iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza. Chakula chao kilikuwa kimechanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazili, na humo ndimo sumu ilimokuwa.

Kuvu hawa wanaishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao, kwa hiyo hawahitaji kusafiri mbali. Mahindi yakikumbwa na ukame wakati wa kujaza punje, au wadudu wakitoboa gunzi, kuvu huingia yakiwa bado shambani. Karanga ziko karibu nao zaidi kwa sababu ganda lenyewe linakomaa ndani ya udongo. Mvua ikikatika wiki za mwisho na mchwa wakatoboa maganda, mlango unakuwa umefunguliwa.

Kwa hiyo mkulima anaweza kuleta kuvu nyumbani bila kuwaona. Kitakachoamua kama watabaki wachache au watalipuka ni unyevu ndani ya ghala.

Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 ndipo yahifadhiwe. Karanga zilizobanguliwa zinatakiwa kuwa na kama asilimia 7, kwa sababu zina mafuta mengi, na maji kidogo tu yanatosha kuwapa kuvu uhai. Ukizidisha hapo, halafu joto likawa nyuzi 25 hadi 35, hali ambayo sehemu nyingi za Pwani na nyanda za chini ni ya kila siku, kuvu wanastawi.

Kwa nini kupika hakusaidii

Wengi huamini moto unamaliza kila kitu. Kuvu wenyewe ndiyo, wanakufa kwenye sufuria. Shida ni kwamba sumu si kuvu. Ni kitu ambacho kuvu wameshakitoa na kukiacha ndani ya punje, na hakiharibiki mpaka joto lipite nyuzi 200 na zaidi.

Maji ya ugali yanachemka kwenye nyuzi 100. Makande yanaweza kukaa jikoni tangu asubuhi hadi jioni, sumu itakuwa bado imo. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi fulani, ila hakuimalizi.

Tena haina ladha, haina harufu, haina rangi. Punje yenye ukungu wa kijani au wa njano ni dalili ya kuogopwa, lakini punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo pia. Ule uchungu wa karanga mbovu unaomfanya mtu ateme unatokana na kuoza kwa mafuta na ukungu, wala si ladha ya aflatoksini. Hata hivyo, kuitema ni uamuzi mzuri.

Inachofanya ndani ya ini

Chakula kikishasagwa tumboni, karibu kila kitu kinachofyonzwa hupitia kwenye ini kwanza. Ini ndiyo karakana ya mwili: linapokea vitu vigeni, linavibadilisha umbo ili viyeyuke kwenye maji, kisha vitoke kwa mkojo au nyongo.

Kwa aflatoksini B1, ambayo ndiyo kali kuliko aina zote za sumu hii, karakana inajikuta inatengeneza silaha. Vimeng'enya vya ini vinapojaribu kuivunja, vinaigeuza kuwa kitu chenye hasira zaidi kuliko ile sumu ya mwanzo. Hakidumu, ndani ya muda mfupi sana lazima kigande kwenye kitu kilicho karibu. Kingi kinakamatwa na kinga za ini na kutolewa nje. Kidogo kinaponyoka na kujibandika kwenye vinasaba, yaani maandishi yanayoiongoza seli.

Maandishi hayo yana herufi nne: A, T, G na C. Sumu hii inapenda kujibandika kwenye G. Seli inapojigawa, inakuta G iliyobandikwa uchafu na kuisoma vibaya, hivyo nakala mpya inaandikwa T. Herufi moja imebadilika.

Mara nyingi kosa la herufi moja halina madhara. Lakini kuna jeni liitwalo p53 ambalo kazi yake ni kama breki ya gari: seli ikiharibika, linaizuia isiendelee kujigawa au linaiamuru ife. Mwaka 1991, watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka kusini mwa Afrika na kutoka Qidong nchini China walikuta kosa lilelile, mahali palepale, kwenye nafasi ya 249 ya jeni hilo. Mahali ambapo watu hawali chakula chenye sumukuvu, kosa hilo ni nadra kwenye saratani za ini. Ni kama mwizi aliyeacha alama ya kidole kwenye nyumba kadhaa zilizo mbalimbali.

Breki ikishakatika, seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Mgonjwa hahisi kitu. Ini ni kubwa, na sehemu iliyobaki nzima inaendelea kufanya kazi zote. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kukonda, tumbo kujaa maji na macho ya njano hutokea wakati uvimbe umeshakuwa mkubwa, na hapo nafasi ya kuukata ni ndogo.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1987. Maana yake ni kwamba ushahidi kwa binadamu unatosha, si wa panya peke yao.

Homa ya ini B inapoingia, hesabu inageuka

Si kila anayekula mahindi yenye sumu atapata saratani. Wengi hawapati. Kinachotenganisha watu, kwa sehemu kubwa, ni kirusi cha homa ya ini aina ya B.

Mjini Shanghai, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000 kwa miaka kadhaa, wakiwa wamehifadhi damu na mkojo wao. Waliopata saratani ya ini walilinganishwa na wenzao wasioipata. Mwenye dalili za aflatoksini pekee kwenye mkojo alikuwa na hatari kama mara 3 zaidi. Mwenye kirusi cha B pekee, kama mara 7. Mwenye vyote viwili hakuishia kwenye jumla ya 3 na 7. Hatari yake ilifika karibu mara 60.

Sababu inaeleweka ukikumbuka yale makosa ya herufi. Kosa linakuwa la kudumu pale tu seli inapojigawa kabla ya kurekebishwa. Ini la mtu mzima kwa kawaida limetulia, seli zake hazijigawi ovyo. Kirusi cha B kinaua seli, mwili unatengeneza nyingine kuziba pengo, zinauawa tena. Ini linakuwa kwenye ujenzi usioisha, na ni katikati ya ujenzi huo sumu inakuta nafasi ya kuandika makosa yake. Kirusi chenyewe pia hujipachika ndani ya vinasaba.

Mwaka 1998, kamati ya wataalamu wa pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa sumu hiyohiyo, kwa kiasi kilekile, ina nguvu kama mara 30 zaidi kwa mwenye kirusi cha B kuliko kwa asiyenacho.

Tuseme mtu wa kilo 60 anakula gramu 400 za unga wa dona kwa siku, kiasi cha kawaida kwa nyumba ambako ugali ni mchana na usiku. Unga una mikrogramu 100 kwa kilo, chini kabisa ya zile 285 za majirani wazima wa mwaka 2016. Kwa siku anameza mikrogramu 40. Kwa makadirio ya kamati ile, kati ya watu 100,000 wanaokula hivyo na wasio na kirusi cha B, saratani za ini zinazoletwa na sumu hiyo ni kama 7 kwa mwaka. Kati ya 100,000 wenye kirusi, ni kama 200, sawa na mtu 1 kati ya 500, kila mwaka.

Unga ukiwa ndani ya kiwango cha 10, namba hizo zinagawanywa kwa 10. Zinapungua sana, hazifiki sifuri. Kiwango cha sheria kimewekwa pale ambapo biashara na maabara zinaweza kufika. Anayekula mahindi mara moja kwa wiki na anayekula mara mbili kwa siku wanahesabiwa kwa kiwango kimoja.

Qidong: sumu ilipotoka kwenye sahani

Qidong ni eneo la mwambao mashariki mwa China, karibu na mdomo wa mto Yangtze. Kwa miaka mingi lilijulikana kwa saratani ya ini. Watu wake walikula mahindi, hali ya hewa ni ya unyevu, na homa ya ini B ilikuwa imeenea.

Kuanzia miaka ya 1980, mageuzi ya biashara ya chakula yaliwawezesha watu wa Qidong kununua mchele, nao wakaacha mahindi taratibu. Mchele nao unaweza kupata sumukuvu, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Watafiti walikuwa wamehifadhi damu ya wakazi tangu kabla ya hapo. Walipoipima, alama ya aflatoksini kwenye damu, ambayo mwaka 1989 ilikuwa pikogramu 19.3 kwa kila miligramu ya protini ya damu, ilikuwa imeshuka kufikia mwaka 2009 hadi kipimo hakiioni tena kwa mtu wa kawaida.

Vifo vya saratani ya ini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Mtu anaweza kusema ni chanjo ya homa ya ini B. Lakini watoto waliochanjwa walikuwa bado wadogo mno kufikia umri wa saratani hiyo, na upungufu ulionekana hata kwa watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo, ambao kirusi bado walikuwa nacho. Kilichobadilika kwao ni chakula.

Kwa familia ya Kongwa au Kitui, kuambiwa waache mahindi wale wali si ushauri wa maana. Mahindi ndiyo yanayoota, ndiyo yanayoshibisha. Lakini Qidong inaonyesha kwamba hata aliyekula sumu kwa miaka mingi, na ana kirusi, bado anafaidika ikipungua leo.

Gunia lenye unyevu lina uzito zaidi

Kazi kubwa, basi, iko kwenye kukausha. Na hapa kuna jambo la pesa ambalo kampeni nyingi zinalikwepa.

Mkulima aliyevuna mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 ana kilo 100 kwenye gunia. Akiyakausha hadi asilimia 13.5, gunia lilelile linabaki na kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu zimepaa hewani. Kama mnunuzi anapima uzito tu, bila kipimo cha unyevu, aliyekausha amejikata mwenyewe, na aliyeuza mabichi amelipwa kwa maji. Ndiyo maana mahindi mengi yanaingia sokoni yakiwa bado yanatoa jasho, na kuvu wanamalizia kazi kwenye ghala la dalali.

Anayekausha ya kula nyumbani hana hasara hiyo. Mahindi yanaanikwa kwenye turubai au kichanja, si kwenye udongo mtupu ambako kuvu ndiko kwao. Tabaka liwe jembamba, lisizidi sentimita 5, ligeuzwe mara kadhaa kwa siku, na jioni lifunikwe, maana umande wa usiku mmoja unarudisha unyevu wa mchana mzima. Kupiga gunia kwa fimbo ili kupukuchua kunaharakisha, ila kila punje iliyopasuka ni mlango kwa kuvu.

Karanga zikishang'olewa, mashina yanapinduliwa ili maganda yatazame juu na upepo upite. Zimekauka pale ganda likitikiswa, kokwa zinalia ndani. Kuna tabia ya kulowesha maganda ili kubangua kwa mkono kuwe rahisi. Vidole vinapona, lakini karanga zilizokuwa zimekauka zinakuwa mbichi tena saa chache kabla ya kufungwa kwenye gunia. Mashine ndogo ya kubangua inaondoa haja hiyo, hata ikiwa ya kukodi kijiji kizima.

Chupa, chumvi na dakika 15

Kung'ata punje na kusikiliza ikilia ni njia ya wazee, na mwenye uzoefu anakosea kidogo. Ipo nyingine isiyohitaji uzoefu.

Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Weka mahindi hadi kama theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya kawaida iliyokaushwa vizuri. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa. Ikibaki inamwagika bila kushika, yako chini ya hapo.

Mpaka wa chupa ni 15, na unaotakiwa ni 13.5. Kwa hiyo chumvi isiposhika si ruhusa ya kufunga gunia jioni hiyohiyo. Yarudishwe juani siku moja au mbili zaidi. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, jibu linakuwa la uongo, na chumvi ya Pwani wakati wa masika ni yenye unyevu karibu kila mara. Ikaushwe kwanza kwenye kikaango.

Yakishakauka ndipo ile mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama PICS, inapofaa. Ina tabaka mbili za plastiki ndani na moja ya kusuka nje. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa, na kuvu hawakui. Haikaushi. Mahindi mabichi yakifungwa humo, unyevu hauna pa kutokea.

Punje moja kwenye gunia zima

Ni kawaida sampuli moja ya gunia kupimwa ikaonekana safi, na nyingine ya gunia hilohilo ikaonekana mbaya. Si lazima maabara iwe imekosea.

Sumu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje nyingi hazina kitu, chache zimejaa. Karanga moja yenye ukungu inaweza kuwa na mikrogramu 1,000,000 kwa kilo na zaidi. Tuchukue kokwa moja ya aina hiyo yenye uzito wa nusu gramu. Ndani yake kuna mikrogramu 500. Isage pamoja na karanga safi kabisa za kilo 50, na mzigo wote umefika mikrogramu 10 kwa kilo, yaani umegusa kikomo. Kwa kokwa moja.

Habari hii mbaya ina upande wake mzuri: kuchagua kwa mkono kunaondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu imekusanyika kwenye chache. Zinazotolewa ni zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu. Kwa karanga kazi hii ina faida kubwa sana. Kwa mahindi inasaidia pia, hasa ikifuatiwa na kupepeta, na kukoboa kunaondoa nyingine, kwa kuwa sumu nyingi iko kwenye ganda la nje na kiini. Mahindi yakiwa ya mashaka, sembe ni salama kuliko dona. Watu wa lishe hawapendi kusikia hivyo, maana dona ina vitamini zaidi, lakini hilo ni kweli kwa mahindi mazuri.

Kuchagua kunawezekana kabla ya kusaga tu. Ndiyo maana unga wa karanga na siagi ya karanga vinahitaji kuaminiwa kuliko karanga nzima: zilizokataliwa na mlaji kwa sababu ya sura zinaweza kuishia kwenye kinu, na kinu hakina macho.

Upo pia ulinzi wa shambani, dawa inayoitwa Aflasafe, inayopatikana Kenya na Tanzania. Ni mbegu za mtama zilizopakwa kuvu ndugu wa aspagilasi flavasi ambao hawawezi kutengeneza sumu. Zinatupwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Wale wasio na sumu wanawahi nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa. Ila aliyeitumia na kisha akahifadhi mahindi mabichi bado yuko hatarini.

Chanjo, kipimo na zile zilizochaguliwa

Kwa upande wa kirusi, watoto wa Tanzania wanapata kinga ya homa ya ini B ndani ya chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Watu wazima wengi walizaliwa kabla ya utaratibu huo kuanza. Kipimo cha damu kinaonyesha kama mtu anacho kirusi. Asiyenacho anaweza kuchanjwa. Aliyenacho anafuatiliwa, baadhi wanapewa dawa za kukizuia, na kipimo cha utrasaundi cha mara kwa mara kinaweza kuona uvimbe ukiwa bado mdogo. Huyu ndiye ambaye sahani ya ugali wake inapaswa kuangaliwa kuliko ya wengine wote nyumbani.

Zinabaki zile punje zilizotolewa, na pumba za mahindi yaliyokobolewa. Desturi ni kumpa kuku au ng'ombe, au kupikia pombe. Pombe haisafishi, sehemu ya sumu hubaki mle mle. Kuku na bata, hasa vifaranga, wanadhoofika na kufa, na mfugaji hudhani ni mdondo. Ng'ombe anayekamuliwa hustahimili zaidi, lakini ini lake linaigeuza B1 kuwa aina nyingine iitwayo M1 na kuitoa kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Zilizooza ni za kuchomwa au kufukiwa mbali na shamba na zizi, hata kama ni debe zima na mwaka wenyewe ni wa njaa.